Mtandao una spidi, mbona sauti yakatika?

"Nafundisha Kiswahili kwa Zoom kutoka Mombasa, Mji wa Kale. Wanafunzi wako Ujerumani, vipindi viwili vya saa moja unusu kila jioni. Tuna faiba ya Mbps 20. Ruta iko sebuleni nyuma ya televisheni, nami nafundishia chumba cha nyuma, kuta mbili katikati, mlango nimeufunga kwa sababu ya watoto. Nikipima spidi napata 16 au 17, na YouTube haikwami. Lakini darasani wananiambia 'Mwalimu, sauti yakatika', mara nageuka roboti. Ajabu ni kwamba mimi nawasikia wao vizuri. Mchana ni afadhali kuliko jioni. Kampuni imenishauri nipande hadi Mbps 40. Jirani aniambia ninunue kile kidude cha kuongeza nguvu ya waifai. Nifuate lipi?"

Mwalimu, kwa sasa usifuate hata moja. Kwa dalili ulizozitaja, tatizo karibu hakika liko ndani ya nyumba, kati ya meza yako na ruta, na dawa yake ni waya wa mita 15 au 20, ama kuihamisha ruta yenyewe. Nitakueleza sababu, kisha nitakupa kipimo cha dakika chache ujihakikishie mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi.

Tuanze na hizo 17. Darasa la Zoom lenye picha nzuri hutumia kama Mbps 1 hadi 3 kwenda, na kiasi kama hicho kurudi. Sauti peke yake haifiki hata sehemu ya kumi ya Mbps moja. Kwa hiyo unacho cha kutosha na cha kusaza. Kupanda hadi 40 ni kama kupanua barabara kuu ilhali gari limekwama kwenye kichochoro cha nyumbani kwako.

Kipimo cha spidi hakikudanganyi, ila kinajibu swali jingine. Kwa muda mfupi, sekunde kumi au kidogo zaidi, kinavuta data kwa njia nyingi kwa mpigo, na kipande kikipotea kinaagizwa upya, halafu mwisho kinakutolea wastani. Hakikuambii kama vipande vilikuja kwa mfululizo au kwa mikupuo. YouTube nayo ina tangi lake. Inapakua video mapema, inaweka akiba ya sekunde nyingi, na mtandao ukisita inakunywesha kutoka kwenye akiba usijue kitu. Wewe wa Mombasa wayajua haya: mwenye tangi darini hajui maji ya bomba yalikatika saa ngapi. Mazungumzo ya moja kwa moja hayana tangi. Huwezi kuweka akiba ya maneno ambayo mtu hajayatamka.

Unapozungumza, kompyuta huikata sauti yako vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kila sekunde. Kila kimoja husafiri peke yake. Upande wa pili, Zoom huvisubiri kwa muda mfupi sana, kisha huvicheza kwa zamu. Kipande kikifika baada ya zamu yake kupita hakina kazi tena, kinatupwa, na programu inajaribu kuziba pengo kwa kunyoosha sauti iliyotangulia. Ule mnyoosho ndio "roboti" wanayoisikia. Mapengo yakizidi, neno zima linatoweka. Ndiyo maana mimi, mtu akiniambia mtandao wake ni wa Mbps ngapi, huwa sijasikia bado ninachotaka kujua. Ninachotaka kujua ni kama vipande vyake vinafika kwa mwendo ule ule.

Wengi hapa humlaumu Mjerumani kwa kuwa mbali. Hana kosa. Nyaya za baharini kama SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka 2009, hupitisha mwanga kwa kasi ya kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata tukikadiria njia ya kilomita 10,000, hiyo ni milisekunde 50 kwenda. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, huchukua milisekunde 150 kwa upande mmoja kuwa mpaka ambao chini yake mazungumzo mengi hayasumbuki, kwa hiyo hata ukiongeza vituo vya njiani bado una nafasi. Isitoshe, safari ya baharini ni ndefu lakini haibadiliki ovyo. Ucheleweshaji wa saa moja usiku ni karibu ule ule wa saa moja na dakika tano. Sehemu ya safari isiyotabirika ni zile mita kumi na kitu za kwanza, kutoka laptopu yako hadi sebuleni.

Waifai hutumia hewa, na hewa ni moja kwa wote. Kifaa kinachotaka kusema husikiliza kwanza. Kikisikia mwingine anasema, kinangoja. Pakiwa kimya, kinangoja tena kidogo kwa bahati nasibu ili wasianze wawili kwa pamoja, ndipo kinatuma. Kisha kinasubiri ruta ijibu "nimepata". Jibu lisipokuja, kinaongeza muda wa kungoja na kurudia. Kikishindwa mara kadhaa, kinashusha kasi na kusema polepole zaidi, kama mtu anayerudia neno kwa kulitamka silabi kwa silabi, na kwa kusema polepole kinaishika hewa muda mrefu zaidi. Hatimaye kinakata tamaa na kukiacha kipande kipotee. Karibu na ruta marudio haya ni machache na huyahisi. Nyuma ya kuta mbili, kipande kimoja kinapita kwa milisekunde 3, cha pili kwa 5, cha tatu kwa 200, cha nne hakifiki kabisa.

Na kuta zako si kuta za kawaida. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mara nyingi karibu dhiraa moja. Wimbi la waifai hupoteza nguvu katika kila sentimita ya jiwe, na jiwe lenye unyevu wa pwani hula zaidi kuliko jiwe kavu. Mtu wa nyumba ya tofali za inchi sita asikuambie "mbona kwangu kuta mbili si kitu".

Sasa lile lililokushangaza, kwamba wao hawakusikii ilhali wewe wawasikia. Ile alama ya waifai kwenye kioo chako inaonyesha jinsi wewe unavyoisikia ruta. Haionyeshi jinsi ruta inavyokusikia wewe. Ruta imechomekwa ukutani, ina antena ndefu, na mara nyingi hutoa sauti kubwa kuliko laptopu nyembamba inayobana betri. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti sebuleni akizungumza na mtu anayenong'ona chumbani: mmoja anasikika kote, wa pili hasikiki. Kwa hiyo somo likitoka Ujerumani linafika kwako salama, na sauti yako inaanguka kabla hata haijatoka nyumbani. Ukiona dalili hii ya upande mmoja, shuku kwanza waifai ya nyumbani.

Jioni nako kuna sababu yake. Kama laptopu yako inatumia masafa ya gigahezi 2.4, na nyuma ya kuta mbili karibu lazima itumie hayo kwa kuwa ya gigahezi 5 huchoka ukutani mapema zaidi, basi humo kuna njia tatu tu zisizoingiliana, namba 1, 6 na 11. Nyumba za Mji wa Kale zimebanana. Jioni kila jirani amerudi, runinga zote zimewashwa, na nyote mnagawana njia hizo tatu. Maikrowevu nayo hutoa kelele humo humo, kwa hiyo anayepasha chakula saa moja usiku anaingia darasani mwako bila kujua.

Sasa tupime. Washa laptopu ukiwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa kama siku ya darasa, saa ile ile ya jioni. Kama ni Windows, fungua Command Prompt, andika amri ya kwanza, utafute mstari ulioandikwa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Iweke kwenye amri ya pili, kwa mfano:

```
ipconfig
ping -n 200 192.168.1.1
```

Kwenye Mac utaandika `ping -c 200` badala ya `-n`. Amri hii inaibishia ruta hodi mara moja kila sekunde na kuandika imechukua milisekunde ngapi kuitika. Iache dakika tatu na kitu. Kisha beba laptopu sebuleni, ukae mita mbili kutoka kwenye ruta bila kitu katikati, urudie. Hapa hatugusi intaneti hata kidogo, tunapima nyumba yako tu.

Nikupe mfano ujue cha kutafuta. Niliitwa nyumba moja Kibokoni, kwa kijana mkalimani anayefanya kazi kwa simu za video. Malalamiko yalikuwa yale yale, na nyumba inafanana na yako. Chumbani kwake ping 200 zilitoa wastani wa milisekunde 31, kubwa kabisa 612, na 9 hazikurudi kamwe. Karibu na ruta wastani ulikuwa 3, kubwa 14, haikupotea hata moja. Angalia ule wastani wa 31 ulivyo mpole. Mtu akiusoma peke yake atasema hakuna tatizo. Ugonjwa uko kwenye ile 612 na zile 9. Ikiwa 9 katika 200 zinapotea, basi katika vipande 50 vya sauti kila sekunde vinapotea kama viwili, na hapo hatujahesabu vilivyofika vimechelewa. Tulivuta waya wa mita 18, tukapima tena kutoka meza ile ile. Kila mstari uliandika `time<1ms`, hakuna iliyopotea. Kifurushi hakikuguswa.

Tahadhari moja: ruta huona ping kuwa kazi ya mwisho, kwa hiyo mruko mmoja au miwili katika 200 usikutie hofu. Tafuta mazoea. Ukiona mara kwa mara namba za juu ya 100, au mistari ya `Request timed out` inajirudia chumbani lakini haipo sebuleni, umeshapata jibu.

Waya unashinda kwa sababu unaiondoa ile foleni yote. Ndani yake kuna jozi za kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, hakuna jirani, hakuna kungoja zamu, na ukuta hauuhusu. Nunua kebo ya Cat5e au Cat6, maandishi hayo huchapwa kwenye ganda lake. Inafika mita 100, kwa hiyo nyumba yako ni ndogo kwake. Jihadhari na kebo za alumini iliyopakwa shaba, zimejaa madukani. Ni nyepesi mkononi, na ukiukwaruza uzi wake kwa wembe, ndani ni mweupe badala ya mwekundu. Zinakatika upesi kwenye kona. Kama laptopu yako haina tundu la LAN, utahitaji adapta ya USB yenye tundu hilo.

Njia ya kuupitisha ndiyo kazi yenyewe katika nyumba ya kale. Usiupitishe chini ya mlango unaofungwa kila saa, mbao nzito zitausaga. Upandishe kandokando ya fremu, upite juu ya mlango ikiwa kuna upenyo, kisha uufuatishe boriti za dari kwa vibanio vya plastiki. Usiufunge sambamba na waya wa umeme kwa urefu mrefu; ikibidi wakutane, wapishane kama msalaba. Ukishachomeka, zima waifai kwenye laptopu ili uwe na hakika unatumia waya, halafu angalia kwenye mipangilio ya Ethernet pameandikwa kasi gani. 1000 au 100 ni sawa kabisa kwa darasa. Ukiona 10, ncha imebanwa vibaya, mrudishie fundi.

Huenda mwenye nyumba hataki waya, au chumba cha kufundishia hubadilika. Basi ihamishe ruta, ukijua kwamba utapunguza tatizo bila kulimaliza. Nyuma ya televisheni ni mahali pabaya kuliko pote. Kioo kile kina bamba kubwa la chuma, nalo huwa ukuta wa kwanza kwa mawimbi ya ruta kabla hayajaanza safari. Itoe hapo, iinue hadi usawa wa kichwa au juu zaidi, iweke karibu na mlango wa ukumbini ili mawimbi yapite kwenye uwazi badala ya jiwe. Epuka kabati, kioo cha kujitazamia, friji na tangi la maji. Antena zisimame wima. Usizielekeze chumbani kama bunduki, kwa sababu wimbi hutoka ubavuni mwa antena na kwenye ncha hutoka kidogo sana. Kisha fundisha mlango ukiwa wazi siku moja, upime tena. Kama sasa laptopu inapata masafa ya gigahezi 5 kwa nguvu, hamia huko, maana majirani wengi hawafiki.

Lakini ule uzi mwembamba wa faiba unaoingia kwenye kile kisanduku usiuvute wala kuukunja wewe mwenyewe. Ndani ni kioo, na ukiuchomoa usiichungulie ncha yake. Mwanga wake hauonekani kwa jicho na unaweza kulidhuru. Ikiwa kisanduku cha faiba na ruta ni vitu viwili, unganisha viwili hivyo kwa kebo ndefu ya LAN uisogeze ruta peke yake. Ikiwa ni kimoja, waite kampuni waje na uzi mrefu zaidi.

Kidude cha jirani yako hufanya kazi ya kusikia na kurudia. Vidude vingi vya bei ya kawaida hurudia kwenye hewa ile ile, kwa hiyo kila kipande cha sauti yako kinapita hewani mara mbili na kupanga foleni mara mbili. Ukikiweka chumbani kwako, kinasikia vibaya na kurudia vibaya, huku alama ya waifai ikijaa na kukupa moyo wa bure. Kwa kusoma barua pepe kitandani sikipingi. Ukitaka waifai nzuri huko nyuma kwa simu pia, vuta waya hadi chumbani, na mwisho wake uweke ruta ya pili iliyowekwa kwenye hali ya `Access Point`. Hapo ukuta umevukwa na shaba, na waifai imebaki na mita mbili tu za kwenda.

Nisikuahidi zaidi ya waya unavyoweza. Baada ya kupima ruta, pima na nje kwa amri ile ile, ukiweka 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google, mahali pa anwani ya ruta. Kama ruta inaitika safi lakini nje kunaruka na kupotea, waya hautakusaidia. Waandikie kampuni ukiwatumia namba zote mbili na saa ulizopima, maana mteja mwenye namba haambiwi azime awashe. Kama nje kunaharibika saa fulani tu, angalia simu za nyumbani: picha za watoto zinazojihifadhi mtandaoni zenyewe huziba njia ya kwenda, na sauti yako inakaa nyuma ya foleni yao. Zisitishe wakati wa kipindi. Na kama namba zote ni safi, ila picha yako inaganda baada ya kama saa moja, gusa laptopu chini. Ikiwa moto, imejipunguza kasi yenyewe. Ondoa ile mandhari bandia ya nyuma yako, uiinue laptopu ipate hewa.

Fundi aje mwenyewe ikiwa taa ya LOS, ile inayoonya kwamba mwanga wa faiba haufiki, inawaka nyekundu, ikiwa faiba lazima ihamishwe, au ikiwa hakuna njia ila kutoboa ukuta. Kwa hilo la mwisho usimwachie fundi wa mtandao na drili yake peke yake. Chokaa ya zamani huporomoka ndani usikokuona. Mtafute mwashi anayezijua nyumba hizi, atoboe karibu na fremu ya mlango, tundu lielekee chini kidogo upande wa nje ili mvua isilifuate.

Nitumie matokeo ya ping zako za chumbani na sebuleni, na uniambie ruta ina tundu ngapi za LAN zilizo wazi. Kama hakuna hata moja, kuna kitu kingine kidogo cha kununua kabla ya kebo.